Kilo 6 kwa Siku 14: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Jimu wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita

Walimu wa vyuma,

Barua hii nimewaandikia ninyi, sikuwaandikia wale wanaotengeneza klipu za kutangaza kreatini. Wale hawatanisoma, na wengi wao hawajawahi kufika Katoro. Ninyi ndio mnaosimama na kijana anapotoka kwenye karasha jioni, vumbi la mawe bado kwenye kope, akafungua simu na kuuliza: "Kocha, hii kitu ni kweli?" Jibu mtakalompa dakika hiyo ndilo litakaloamua hela yake ya wiki inaenda wapi. Mimi ni mtu wa maabara hapa Kahama. Kazi yangu ni damu na mkojo, na kwa miaka hii ya karibuni unga wa kreatini umeanza kunifuata hadi kwenye chupa za sampuli. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Niwaeleze kuhusu kijana mmoja. Jina lake ni lake, silitaji. Anaponda mawe Katoro na jioni ananyanyua vyuma. Alikuja kwangu kupima afya kwa sababu alikuwa anaomba kazi kwenye kampuni inayohudumia mgodi, na kampuni ilitaka karatasi ya vipimo. Wakati anasubiri, akanionesha klipu iliyomfanya anunue kopo. Jamaa mwenye kifua kama mlango wa stoo anasema mambo matatu: utaongeza kilo 6 za misuli kwa siku 14 bila kubadili chakula, utafanya kazi saa 12 bila kuchoka, na unga huu hauna madhara, tena unasafisha figo. Chini ya klipu kuna namba ya punguzo ya kununulia.

"Na imefanya kazi, mzee," akaniambia. "Nilikuwa kilo 64, siku ya tisa nikawa 66 na nusu."

Hakudanganya, na mizani haikudanganya. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kreatini si dawa ya mganga wa njiani. Ni kitu halisi. Mwili wenyewe unakitengeneza kwa kutumia figo na ini, na tunakipata kwenye nyama na samaki. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu kama 4 au 5 hivi. Klipu ile ilichukua ukweli mdogo ikaupandisha juu ya ngazi hadi ukaonekana mrefu kuliko nyumba. Kwa hiyo mkimwambia kijana "achana nayo, ni utapeli," atawaona ninyi ndio wajinga, maana mizani ameisoma kwa macho yake.

Tuanze na hizo kilo 6. Chukueni kalamu. Kilo 6 kwa siku 14 ni kama gramu 430 za msuli mpya kila siku. Msuli kwa sehemu kubwa ni maji. Protini ni kama moja ya tano. Moja ya tano ya gramu 430 ni gramu 86. Maana yake kijana huyu angetakiwa kubandika gramu 86 za protini kwenye misuli kila siku, zibaki hapo, mbali na zile ambazo mwili unazitumia kujikarabati. Hiyo ni protini ya karibu gramu 400 za nyama isiyo na mafuta, yote igeuke msuli bila kupotea hata chembe. Nikamuuliza anakula nini. Ugali na maharage mchana, ugali na dagaa usiku, na michembe asubuhi akibahatika kuletewa na shangazi yake kutoka Maswa. Bila kubadili chakula, gramu 86 zitoke wapi? Unga wenyewe hauna protini ya maana. Gramu 5 ni gramu 5.

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mkiisikia ahadi yoyote ya kilo, igawanyeni kwa siku, mkamuulize mtoa ahadi nyama hiyo imetengenezwa kwa nini.

Basi zile kilo 2 na nusu ni nini? Kwa sehemu kubwa ni maji. Kreatini inapoingia kwenye seli ya msuli huvuta maji na kuingia nayo. Mtu anayemeza gramu 20 kwa siku, kama huyu alivyofanya, huweza kuongezeka kilo moja au mbili ndani ya wiki, na zaidi kidogo akiwa anakula vizuri na kunywa maji kuliko zamani. Maji hayo yako ndani ya msuli, si uvimbe wa ugonjwa, na hayana ubaya. Ila hayo si msuli. Ukiyapima wiki ya kwanza ukayaita msuli, ni sawa na kupima gunia la pamba lililonyeshewa mvua ukadai umevuna zaidi. Wakulima wa Shinyanga wanajua mchezo huo tangu zamani, na mizani ya chama cha ushirika nayo inaujua.

Sasa wataalamu wamepima nini hasa? Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walichapisha utafiti ulioonesha kwamba kreatini ya kumeza inaingia kweli kwenye msuli wa binadamu. Mwaka 1996 kundi la Eric Hultman likapima kiasi. Watu waliomeza gramu 20 kwa siku kwa siku 6 walijaza misuli kwa karibu asilimia 20 zaidi. Waliomeza gramu 3 tu kwa siku walifika palepale, ila iliwachukua siku 28. Kamwambieni kijana hilo kwanza kabla ya jingine lolote, kwa sababu linagusa mfuko. Kopo la gramu 300 likiliwa gramu 20 kwa siku linaisha siku ya 15. Likiliwa gramu 3 linafika siku ya 100. Klipu inayosisitiza "wiki ya kujaza", kisha ijazwe tena mwezi ujao, inamsaidia nani zaidi, misuli ya mnunuzi au duka la muuzaji? Kijana wangu, nilipomuuliza, alikuwa ameshaharisha siku 3 kwa sababu alikuwa anameza gramu 10 kwa mkupuo ili "iingie haraka". Hiyo nayo aliitoa kwenye klipu.

Kuhusu msuli wenyewe, tafiti hazisemi neno moja, na mtu mkweli atawaambia hivyo. Mwaka 2017 timu ya Philip Chilibeck ilikusanya majaribio 22 ya watu wazima wa umri mkubwa waliokuwa wananyanyua vyuma. Waliotumia kreatini waliongeza kama kilo 1.4 za mwili usio na mafuta kuliko wenzao waliomeza unga wa uongo usio na kitu, kwa majaribio ya wiki 7 hadi mwaka mzima. Mwaka 2025 ikatoka kazi ya Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia. Hawa walifanya jambo la busara: waliwapa kundi moja gramu 5 kwa siku wiki nzima kabla ya mazoezi kuanza, ili yale maji ya mwanzo yahesabiwe peke yake. Kundi la kreatini likaongeza kama nusu kilo wiki ile. Kisha wote wakanyanyua vyuma wiki 12. Mwisho wa yote makundi mawili yaliongeza karibu sawa, kama kilo 2 kila moja. Unga haukuongeza kitu cha kuonekana juu ya mazoezi.

Watu 54 wa utafiti huo si wengi, na utafiti mmoja haufuti mingine. Mimi nikiziweka pamoja naona hivi: faida ipo kati ya kitu kidogo na kilo moja na ushee, inakuja kwa miezi, na haiji bila chuma. Weka hiyo kando ya kilo 6 kwa siku 14 uone umbali wake.

Ahadi ya pili, ya saa 12 bila kuchoka, inanikera zaidi kwa sababu inaelekezwa kwa watu wetu. Msuli una akiba ndogo ya nguvu ya haraka, inayoitwa fosfokreatini. Ukinyanyua kitu kizito kwa ghafla, akiba hiyo ndiyo inayojibu, na kwa nguvu kamili inaisha ndani ya sekunde kama 10. Kreatini ya kopo inaongeza kidogo akiba hiyo. Ndiyo sababu jimuni mtu anaweza kupata rudio moja au mawili zaidi kwenye seti ya mwisho, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2011 ilikubali dai hilo kwa maneno ya kubana sana: gramu 3 kwa siku, kazi ya nguvu kubwa ya muda mfupi inayorudiwarudiwa. Basi. Kuvuta winchi zamu nzima, kubeba viroba kutoka duarani hadi mwaloni, kuponda mawe kuanzia asubuhi, hiyo ni kazi ya hewa, chakula, maji na usingizi. Akiba ya sekunde 10 haigeuki kuwa ya saa 12 kwa sababu mtu ameivalia fulana ya kubana.

Mzee mmoja mwenye duara aliniambia anawanunulia vijana wake unga huo ili "wasilegee". Nilimwambia angenunua mayai. Alicheka, nadhani alidhani natania.

Kuna jambo moja upande wa klipu ambalo nitalikubali. Mtu anayekula nyama kidogo kwa kawaida ana akiba ndogo zaidi misulini, na huyo huwa anaongezeka zaidi anapoanza kumeza kreatini. Kwa hiyo kijana wa ugali na maharage anaweza kuona tofauti kubwa kuliko yule wa kwenye klipu anayekula nyama choma kila siku. Na kuna wengine ambao misuli yao tayari imejaa. Hao watameza kopo zima wasione kitu. Mkimwona mtu amemaliza miezi 2 kwa kipimo sahihi na vyuma havijasogea, hana haja ya kununua "aina kali zaidi". Zile za alkali zinazouzwa ghali zilipimwa mwaka 2012 kando ya kreatini ya kawaida, na hazikuishinda. Kwenye kopo, maneno ya kutafuta ni "creatine monohydrate", na orodha ya viambato ikiishia hapo ni vizuri.

Kama haiishii hapo, tumieni kipimo cha mwili. Kreatini haisikiki. Haina msisimko. Mtu akiwaambia kwamba dakika 20 baada ya kunywa moyo ulianza kwenda mbio, alichokunywa kina kafeini au kichangamshi kingine. Ngozi ikimchonyota usoni na mikononi, kuna kitu kinachoitwa beta-alanini. Kijana wa namna hiyo hatakiwi kushuka duarani kwenye joto akiwa na unga huo tumboni. Na yule wa klipu ambaye "kabla" na "baada" yake zinatofautiana kama watu wawili kwa wiki 6, chunusi mgongoni na mabega yamevimba hadi shingoni, kopo lililo mkononi mwake huenda halihusiki kabisa na mwili wake. Ninyi mnazijua sindano za steroidi kuliko mimi. Mnajua pia kwamba hakuna anayeweka namba ya punguzo ya sindano.

Nimefika kwenye figo, na hapa naomba mnisikilize taratibu.

Kreatini ikichakaa mwilini inageuka kuwa kitu kingine kinachoitwa kreatinini. Silabi moja tu imeongezeka, na silabi hiyo imewachanganya wengi. Kreatinini ni taka. Figo huitoa kwa mkojo. Sisi maabara tunaipima kwenye damu ili kujua figo zinafanya kazi kiasi gani: figo zikidhoofu, kreatinini inarundikana. Sasa mtu anayemeza kreatini, anayefanya kazi nzito na mwenye misuli mingi, anaweza kuwa na kreatinini ya juu kidogo huku figo zake zikiwa nzima kabisa. Kijana wangu wa Katoro alitoka na 119, wakati kiwango cha juu cha wanaume kwenye mashine yetu ni 110. Kama angenyamaza kuhusu unga, karatasi ingemwendea mwajiri ikisema figo zina shida, na kazi ingeweza kupotea. Aliposema, daktari aliagiza apimwe protini kwenye mkojo, ikawa hakuna. Akaacha unga wiki 5, muda wa kutosha misuli kurudi ilivyokuwa, akarudi akiwa 101.

Hapa mtu wa klipu angepiga makofi: "Mnaona? Ni kreatini tu, figo ziko safi." Na kwa mtu mzima mwenye afya, kwa vipimo vya gramu 3 hadi 5, tafiti zinamuunga mkono kwamba figo haziharibiki. Lakini kutoharibu si kusafisha. Hakuna utafiti unaoonesha kwamba kreatini inasafisha figo, na neno hilo peke yake linatosha kumtoa msemaji kwenye orodha ya watu wa kuaminiwa.

Pia tafiti hizo hazikufanywa kwa watu wanaochoma zebaki. Huku kwetu dhahabu ya wachimbaji wadogo inakamatwa kwa zebaki, kisha mchanganyiko unachomwa, mara nyingi kwenye karai nyuma ya nyumba, na mvuke unavutwa. Zebaki hiyo ikiingia mwilini, figo ndizo zinazoibeba zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa zebaki wa UNIDO walikuja Rwamagasa, Geita, wakapima watu, na baadhi ya wale waliokuwa wanachoma walikutwa na zebaki nyingi mwilini. Kwa hiyo kijana wa jimu yako anaweza kuwa na sababu mbili za kreatinini kupanda kwa wakati mmoja, moja isiyo na maana na nyingine ya hatari, na kwa kuangalia namba ile moja hamwezi kuzitenganisha. Anayemwambia "ni unga tu" anacheza kamari na figo za mtu.

Kuna na mtego mwingine ambao sijamsikia mtu wa vyuma akiusema. Zebaki ya mkojo kwa kawaida huhesabiwa kwa kila gramu ya kreatinini iliyomo kwenye mkojo huohuo, ili mtu aliyekunywa maji mengi asilinganishwe vibaya na aliyekunywa machache. Fikirini mkojo wenye mikrogramu 30 za zebaki na gramu 1 ya kreatinini: jibu ni 30. Zebaki ileile, lakini kreatinini imepandishwa na unga hadi gramu 1.3, jibu linakuwa 23. Zebaki haijapungua hata chembe. Kigawanyio ndicho kimenenepa. Mtu atarudi mwaloni akidhani yuko nafuu.

Basi ninaomba haya kwenu, na nimejitahidi yasiwe mengi.

Acheni kuuza kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa. Najua ndiyo namna kijana asiye na hela ya kopo anavyopata, na najua faida yake. Lakini unga mweupe usio na lebo hauna jina, na mkinunua wenyewe kutoka kwa mtu wa Kariakoo aliyeujaza upya, hata ninyi hamjui mnamlisha nini. Kopo likae na lebo, na alama ya usajili ionekane, kwani tangu mwaka 2019 vyakula vilivyofungashwa viko chini ya TBS, na swali "hiki kimesajiliwa?" linaulizika ofisini kwao. Msiloweke unga kwenye chupa za maji asubuhi ili kuuza jioni, maana ukikaa majini unaanza kugeuka kreatinini, na mteja analipia taka.

Mchimbaji yeyote anayechoma zebaki, au mwenye kisukari, shinikizo la damu au aliyewahi kuambiwa figo zina shida, apime kwanza kabla ya kuanza: kreatinini ya damu na protini ya mkojo, vyote viwili. Mtu huyo akiwa anatumia tayari, na anakwenda kupima kwa sababu yoyote ile, aseme dirishani ameanza lini na anameza gramu ngapi. Wenzangu wa maabara wengine hawaulizi. Hilo ni kosa letu, na nimewaandikia wao pia.

Na mizani. Jimu nyingi mna mizani mlangoni, na ndiyo inayouza makopo kuliko klipu. Anayeanza unga, mwandikieni uzito wa siku ya kwanza, wa siku ya 10 na wa wiki ya 12, na kando yake kilo alizonyanyua. Siku ya 10 mwambieni ni maji. Wiki ya 12 linganisheni na mwenzake aliyeanza naye siku hiyohiyo bila unga.

Kijana wa Katoro alipata ile kazi. Wiki iliyopita alipita maabara, akaniuliza kama anaweza kurudia kreatini. Figo zake zilikuwa zimepimwa, hachomi zebaki, kwa hiyo nikamwambia gramu 3, kijiko kidogo cha chai kisichojaa, na asivuke hapo. Akaniuliza kilo 6 atazipata lini. Nikamwambia amuulize kocha wake, na kocha huyo ni mmoja wenu.

Wenu,
Mtaalamu wa maabara, Kahama